Uga wa umeme kwenye mhimili wa pete: "mbali sana" ni umbali gani hasa?

Kidato_PCM
Wakuu, habari zenu. Nipo kidato cha sita, nasoma PCM. Naomba msaada wa swali moja la umeme tuli ambalo limetugawa kwenye kundi letu la kujisomea.

Pete nyembamba ya nusu kipenyo R = 5 cm imebeba chaji Q = 4 nC iliyosambaa sawasawa. Tunatakiwa kutafuta uga kwenye mhimili wake, umbali z kutoka kitovu, kisha tueleze uga huo unakuwaje mbali sana na pete. Sehemu ya kwanza hatubishani, wote tumefika hapa:

```
E = kQz / (z² + R²)^(3/2)
```

Ubishi uko kwenye sehemu ya pili. Mmoja wetu anasema z ikiwa kubwa kupindukia E inakuwa sifuri, basi jibu ni sifuri. Mwingine anasema futa R, ibaki kQ/z². Mimi naona wa pili yuko karibu na ukweli, ila sijui ni nini kinachotupa ruhusa ya kufuta R, na huo umbali wa kufuta unaanzia wapi. Halafu kuna jambo jingine: kitovuni fomula inatoa sifuri, na mbali nako uga unaelekea sifuri. Kwa hiyo lazima kuna mahali uga unafika kilele. Je, "mbali" inaanza ukishapita hicho kilele?

ChapChap
Mdogo wangu, hilo jepesi. Ndani ya mabano una z² + R². Ukilinganisha, R² ni sehemu ya R²/z² ya ile z². Ukisimama kwenye 50 cm, yaani mara 10 ya R, sehemu hiyo ni 0.01. Kwa hiyo ukifuta R unakosea kwa asilimia 1 tu. Chukua k = 9 × 10⁹, kQ/z² inakupa 144 N/C, umemaliza. Aliyesema sifuri mwambie arudi kwenye swali: limeuliza uga unakuwaje, halijauliza unaishia wapi.

Fundi_Koili
Samahani, mbona mimi najua tofauti? Kazi yangu ni kusuka upya koili za mota na spika. Uga kwenye mhimili wa koili ukienda mbali unapungua kwa mchemraba wa umbali: ukizidisha umbali mara mbili, uga unabaki sehemu moja ya nane. Pete na koili moja ya waya si umbo lile lile? Hiyo z² mmeitoa wapi?

Mwl_Mstaafu
Fundi, unachosema ni kweli kabisa kwa koili yenye mkondo, lakini huo ni uga wa sumaku. Hapa pete imetulia na imebeba chaji, hakuna mkondo. Umbo ni moja, chanzo ni tofauti. Koili haina kitu kinachofanana na "chaji ya sumaku" ya upande mmoja kikabaki ukiwa mbali, ndiyo maana uga wake unakufa haraka. Pete yetu ina Q ambayo haifutiki, na mtu aliye mbali anaiona Q yote. Ungeigawa pete hii, nusu ikawa na chaji chanya na nusu hasi kwa kiasi kilekile, basi hata uga wa umeme kwenye mhimili ungelala kiubavu na kwa mbali ungepungua kwa z³ kama wa koili yako.

Sasa nimrudie mwanafunzi. ChapChap ameshika njia sahihi, ila asilimia 1 si jibu. Piga hesabu kamili kwa z = 50 cm utapata 141.9 N/C, siyo 144. Pengo hilo ni kama asilimia 1.5. Hiyo nusu ya ziada ina sababu yake, nayo ndiyo roho ya swali lako.

Kaa kwenye mhimili uitazame pete. Kila kipande chake kiko umbali wa √(z² + R²) kutoka kwako, yaani mbali kidogo kuliko z. Huo ni upungufu wa kwanza: uga wa kila kipande unapungua kwa mraba wa umbali, kwa hiyo unapoteza takriban R²/z². Hapo ndipo ChapChap aliposimama. Lakini uga wa kila kipande haukufuati wima kwenye mhimili, unakuja kimshazari. Sehemu yake ya ubavuni inafutwa na ya kipande kilicho upande wa pili wa pete, na inayobaki ni ile ya kwenye mhimili tu, ambayo ni z/√(z² + R²) ya uga wote wa kipande. Ukiwa mbali, mshazari huo unakupotezea nusu ya R²/z² nyingine. Ukijumlisha, upungufu ni moja na nusu:

```
E ≈ (kQ/z²) · (1 − 3R²/(2z²))
```

Hii inakujibu swali la ruhusa. Hufuti R kwa sababu ni ndogo. Sentimita 5 si ndogo wala kubwa mpaka uilinganishe na z. Unafuta kwa sababu R²/z² ni ndogo kuliko usahihi unaoutaka. Kwa hiyo "mbali" haina mpaka uliochorwa, wewe ndiye unayechagua kosa unaloweza kulivumilia. Ukitaka lisizidi asilimia 1, unahitaji z ifike kama 12R, ambayo kwa pete hii ni sentimita 61 hivi. Kwenye 20 cm fomula ya chaji nukta, yaani kQ/z², inakupa 900 wakati ukweli ni 822. Kwenye 10 cm inasema 3600 na ukweli ni 2576. Hapo huwezi kusema uko mbali.

Kidato_PCM
Asante sana mwalimu, hiyo ya mshazari hatukuwahi kuielezwa hivyo. Na kilele je?

Mwl_Mstaafu
Kilele kiko z = R/√2, kwa pete yako ni 3.5 cm, na uga hapo ni kama 5540 N/C. Hakihusiani na mwanzo wa "mbali". Kitovuni uga wa vipande vyote unaelekea kiubavu na kufutana kabisa, hakuna kinachobaki kwenye mhimili. Ukianza kusogea, mshazari unapungua haraka na uga unapanda. Lakini umbali nao unaongezeka na kuushusha. Kilele ni pale mambo haya mawili yanapolingana. Ukipita tu hapo uga unaanza kushuka, ila bado haushuki kama wa chaji nukta.

Kipimo rahisi cha kujua uko wapi ni kuzidisha umbali mara mbili kisha ugawanye uga wa kwanza kwa wa pili. Chaji nukta inakupa 4 kila mara. Pete yako kutoka 10 cm hadi 20 cm inakupa 2576 kwa 822, yaani 3.1. Kutoka 50 cm hadi mita 1 ni 141.9 kwa 35.9, unapata 3.96. Namba hiyo ikikaribia 4, umeshatoka kwenye eneo ambalo pete inaonekana kuwa pete.

ChapChap
Nimekuelewa mwalimu, kosaini ndiyo iliyoleta ile nusu. Ila kwa mtihani wa mwisho, kQ/z² bila marekebisho inatosha. Mtahini hatafuti hiyo 3/2.

Dada_Maabara
Naomba nidandie hapa. Ninashughulika na maabara ya fizikia kwenye chuo kimoja huku pwani. Tulikunja pete ya waya wa shaba, tukaisimamisha kwenye kishikio cha plastiki, tukaichaji, tukapima uga kwenye mhimili kwa mita ya uga. Karibu na pete mambo yanakubaliana na fomula kiasi. Mbali tunakosa kabisa: ukizidisha umbali mara mbili, uga unashuka zaidi ya mara 4, wakati mwingine karibu mara 6. Kwa maelezo ya mwalimu namba hiyo haipaswi kuzidi 4 hata siku moja. Tatizo ni nini?

ChapChap
Chaji haijasambaa sawasawa kwenye waya. Pale mlipounganisha ncha huwa inajikusanya.

Mwl_Mstaafu
Inawezekana imejikusanya, lakini haiwezi kuwa sababu. Kila kipande cha pete kiko umbali uleule kutoka kwenye mhimili na kinakuja kwa mshazari uleule, kwa hiyo sehemu ya uga inayofuata mhimili inategemea jumla ya Q tu, haijali imesambaa vipi. Usambazaji sawa tunauhitaji ili sehemu za ubavuni zifutane. Ikiwa mita yenu imeelekezwa sawa kwenye mhimili, chaji iliyojikusanya kwenye kiungo haitaibadilisha.

Mimi ningetazama vitu viwili. Cha kwanza, chaji inavuja. Hewa ya pwani ina unyevu, na uso wa plastiki ukishika unyevu unapitisha chaji kidogo kidogo. Kama mnapima karibu kwanza halafu mnakwenda mbali, mnapima pete ambayo Q yake inapungua. Baada ya usomaji wa mwisho rudini sehemu ya kwanza mpime tena. Namba ikiwa imeshuka, mmempata mwizi wenu.

Cha pili ni meza, kuta, na hata mwili wa anayepima. Vyote hivyo vikiwa vimegusana na ardhi vinavuta chaji ya ishara kinyume. Karibu na pete athari hiyo ni ndogo kwa sababu pete yenyewe inatawala. Mbali, chaji ya kinyume iliyo mezani inaanza kuifuta Q, na uga unaanza kushuka haraka, kwa namna inayoelekea ile ya Fundi Koili.

Dada_Maabara
Meza yetu ina uso wa chuma, na imeungwa ardhini kwa ajili ya usalama. Pete iko kama sentimita 30 juu yake.

Fundi_Koili
Basi hapo hata mimi nimeelewa. Mnapima pete pamoja na meza.

Mwl_Mstaafu
Ndivyo ninavyoshuku, ingawa kuvuja bado sijakuondoa. Hamisha pete juu ya meza ya mbao, mbali na ukuta, upime kuanzia mbali kuja karibu. Ikiwa namba itabaki zaidi ya 4, tuwekee usomaji wote hapa tuuangalie.

ChapChap, kuhusu mtihani hatukubaliani. Swali likisema "eleza unakuwaje", mimi ningetoa alama kamili kwa aliyeandika kQ/z² na kusema ni pale R²/z² inapokuwa ndogo. Aliyeandika kQ/z² peke yake ningemkata.

ChapChap
Umemkata kwa neno moja, mwalimu. Wengine hawakati.

Kidato_PCM
Nitaandika yote mawili, na nitawaonyesha wenzangu ile 141.9 dhidi ya 144. Yule wa sifuri bado anabisha kwamba kikomo cha E ni sifuri.

Mwl_Mstaafu
Kikomo ni sifuri kweli, mwambie hivyo. Kisha muulize chaji ya 8 nC kwenye pete ileile itatofautianaje na hii kwa mbali, kama majibu ya zote mbili ni sifuri.