MREJESHO: Kutoka kwenye bloku na kusimama wima mapema

Swali langu lilikuwa: "Nakimbia mita 100, nikitoka kwenye bloku hatua ya pili tu nishasimama wima, kocha anasema inama, nikiinama najikwaa. Shida nini?"

Haya wakuu. Aliyesema nirekodi video kwa pembeni ubarikiwe, maana tumeona mguu wa kwanza ulikuwa unatua mbele ya nyonga, ugoko wima kabisa, hapo unajipigia breki mwenyewe na kifua lazima kiinuke. Sasa hivi unyayo unatua nyuma kidogo ya nyonga, ugoko umelala mbele kama nyuzi 45 hivi, halafu naisukuma ardhi kwa nyuma mpaka mguu unakaribia kunyooka.

Kuinama kunakuja kwenyewe, kwa sababu ukisukuma nyuma kwa nguvu zote huku umesimama wima, miguu inakimbia na kiwiliwili kinabaki, unaanguka chali. Na ukiinama bila kusukuma unajikwaa, ndo yale yangu. Kukunja kiuno tu wala hakusaidii, mwili wote ndo unalala.

Ila msilazimishe kubaki chini, spidi ikipanda ugoko unasimama wenyewe kila hatua. Mguu wa kushoto bado unatua mbele, nadili nao.