Barua ya maombi ya kazi: nielezeje miaka ya ukatibu wa kikundi cha hisa?

Katibu wa Jumamosi (Morogoro)

Ndugu zangu, salaam. Ninaomba mnisaidie kuhusu barua ninayotaka kuipeleka kwenye SACCOS moja ya hapa Morogoro, ambayo imetangaza nafasi ya karani wa fedha. Wanataka mwombaji aliyemaliza kidato cha nne na mwenye uzoefu wa kutunza fedha au kumbukumbu za fedha usiopungua miaka miwili. Elimu hiyo ninayo, na uzoefu ninao, isipokuwa sikuupata ofisini. Tangu 2019 hadi 2024, nikiwa nyumbani ninalea watoto, nilikuwa katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa cha akina mama 25 wa mtaa wetu. Hisa moja tuliiuza shilingi 2,000, na kila mwanachama aliruhusiwa kununua hisa moja hadi tano kwa kikao. Mikopo tuliitoa kwa riba ya asilimia 5 kwa mwezi, na mwisho wa mzunguko tuligawana.

Binti yangu aliyeko chuoni ananishauri nisikitaje kikundi kabisa, kwa kuwa sikulipwa mshahara na mwajiri ataona ni mambo ya mama wa nyumbani. Siafikiani naye, kwa sababu fedha zile zilikuwa za watu na nilizitolea hesabu mbele yao kila Jumamosi. Aya niliyoandika ni hii:

"Nimekuwa mwaminifu na mchapakazi katika kusimamia fedha za kikundi cha akina mama kwa muda wa miaka mitano, ambapo katika mzunguko wa mwisho pekee nilisimamia zaidi ya shilingi milioni tisa. Vilevile nina uzoefu mkubwa wa kupanga bajeti ya familia ya watu sita."

Je, aya hii inatosha, na je, ni halali kuiweka chini ya kichwa cha uzoefu wa kazi?

Kijana wa Wasifu

Shikamoo mama. Ni halali kabisa, tena usiifiche chini kwenye shughuli za kijamii, bali iweke juu, ikiwa na miaka yake na cheo chake, kama mtu yeyote anavyoandika kazi aliyoifanya. Ninakushauri tu ubadilishe cheo kiwe "Mhasibu wa Kikundi", kwa sababu neno katibu linamfanya msomaji afikirie mtu wa kuandika mihtasari, ilhali wewe ulikuwa unashika hesabu.

Mkaguzi Mstaafu

Mama, pole na majukumu. Kabla ya kustaafu nilikagua vitabu vya vyama vya akiba na mikopo kwa miaka mingi, na nimekaa upande wa pili wa meza katika usaili wa makarani. Kijana amesema kweli kuhusu mahali pa kuiweka, lakini cheo alichopendekeza usikitumie. Uhasibu ni taaluma yenye bodi yake, NBAA, na anayesoma barua yako kwenye SACCOS analijua hilo. Andika "Katibu na Mtunza Kumbukumbu za Fedha", kisha ueleze kazi yenyewe ili asikufikirie mihtasari.

Sasa nije kwenye zile milioni tisa. Ukiandika hivyo, swali la kwanza la msaili litakuwa ni kiasi gani kilikuwa sandukuni kwa siku moja, na jibu la kweli ni kwamba wiki nyingi sanduku lilikuwa karibu tupu, kwa kuwa fedha zilikuwa mikononi mwa wakopaji. Kiasi kikubwa hakimvutii mtu wa SACCOS kama unavyodhani. Anachotaka kujua ni namna tarakimu moja ulivyoifanya ikutane na nyingine, nani alihesabu fedha kama si wewe, funguo zilikaa kwa nani, na mkopo uliochelewa ulijulikanaje. Maneno "mwaminifu na mchapakazi" yaondoe, kwa sababu kila barua inayo na hakuna anayeweza kuyapima.

Bajeti ya familia nayo iondoe. Sisemi kwamba si kazi. Ninasema kwamba hakuna mtu mwingine aliyeihakiki, wakati hesabu za kikundi zilihakikiwa na watu 25 wenye fedha zao ndani, na tofauti hiyo ndiyo inayoyafanya yale ya kikundi yawe uzoefu anaoutafuta mwajiri huyu.

Naomba unijibu jambo moja. Je, iliwahi kutokea vitabu vikakataa kukubaliana, na mlifanya nini?

Baba Mradi

Dada, usihangaike na barua za kazi. Kama kikundi bado kipo, kisajilini halmashauri, fungueni akaunti ya benki, kisha muombe mkopo wa ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo ndani yake asilimia 4 ni ya wanawake. Haina riba. Kwa kikundi chenye nidhamu kama hicho, mradi wa kuku au wa kukoboa mpunga unawafaa.

Katibu wa Jumamosi

Shukrani Baba Mradi, ila mimi sitafuti mtaji. Kikundi kimesajiliwa halmashauri na kinaendelea chini ya katibu mwingine, nami ninatafuta ajira.

Mzee Mkaguzi, shikamoo, na ninakujibu kwa kirefu kidogo. Katika mzunguko wa mwisho tulifunga tukiwa na hisa 4,000 kwa mujibu wa daftari langu, yaani shilingi 8,000,000. Riba na faini zilikuwa shilingi 1,600,000, hivyo jumla ikawa shilingi 9,600,000 na kila hisa ikapata thamani ya shilingi 2,400. Mwenye hisa 180, ambaye aliweka shilingi 360,000, alitarajiwa kuondoka na shilingi 432,000. Kabla ya kugawa, utaratibu wetu ni kuhesabu mihuri yote kwenye vitabu vya wanachama, ambamo kila hisa hupigiwa mhuri mmoja, nayo ikatoka 4,003.

Kina mama wengine walitaka tugawe tu, kwa kuwa hisa tatu ni kitu kidogo. Nilikataa, na mwenyekiti akaniunga mkono. Katika kila kikao wahesabu fedha wawili walitangaza kwa sauti fedha za hisa zilizoingia, nami niliziandika kabla sanduku halijafungwa. Kwa kuwa kila kikao kina mstari wake katika kitabu cha mwanachama, tulikusanya vitabu vyote 25 na kujumlisha mihuri mstari kwa mstari, huku nikigawanya fedha za kikao hicho kwa 2,000. Tulipofika kikao kimoja cha mwezi wa nane, fedha zilizotangazwa zilikuwa shilingi 148,000, yaani hisa 74, lakini mihuri ilikuwa 77. Kitabu kimoja kilikuwa na mihuri mitano, na mwenyewe akakumbuka kwamba siku ile alikuwa na mgonjwa, akamtuma mtoto na shilingi 4,000, na aliyeshika mhuri akapiga mitano kwa mazoea. Mihuri mitatu ilifutwa kwa kalamu nyekundu mbele ya kikao kizima, mwenye kitabu akatia sahihi, na tukagawa jioni ile ile.

Mama mmoja alikuwa bado na deni la shilingi 150,000 na hisa 90. Stahili yake ilikuwa shilingi 216,000, tukakata deni, akapewa shilingi 66,000. Hilo lilileta maneno, lakini katiba ya kikundi ilikuwa wazi na alikuwa ameisaini.

Mwanachama wa Kisumu

Mama, mimi niko Kenya na nimepitia njia hiyo, kwa hivyo niruhusu nieleze yaliyonipata. Nilikuwa mweka hazina wa chama cha wanawake, na nilipoomba kazi ya keshia katika duka kubwa nilikiandika chini ya kazi za kujitolea, kwani niliona kusema "kazi" bila mshahara ni kudanganya. Niliitwa kwenye mahojiano, na aliyenihoji hakujali kama nililipwa. Aliniuliza kwa nini niliacha, na hilo sikuwa nimejitayarisha kulijibu. Mtu akisikia mweka hazina ameacha, anashuku upungufu wa pesa. Kwa hivyo uandike uliacha vipi na ulimkabidhi nani. Kuhusu mahali pa kuiweka, bado mimi naona kujitolea ndiko sahihi, hata kama ndugu hapo juu wanaona tofauti.

Mkaguzi Mstaafu

Dada wa Kisumu ametaja jambo ambalo mimi nililisahau, na ni zito. Makabidhiano yenye tarehe na sahihi ni karatasi nzuri kuliko cheti cha semina.

Mama, hiyo mihuri 4,003 ndiyo barua yako. Nimejaribu kuipanga hivi, nawe urekebishe pasipo sahihi:

"Kuanzia 2019 hadi 2024 nilikuwa Katibu na Mtunza Kumbukumbu za Fedha, bila malipo, katika kikundi cha kuweka na kukopa chenye wanachama 25, kilichosajiliwa halmashauri. Kila wiki niliandika mauzo ya hisa, mikopo, marejesho na faini, kutokana na fedha zilizohesabiwa na wahesabu wawili, na niliwasomea wanachama salio kabla ya sanduku lenye kufuli tatu kufungwa. Katika kufunga mzunguko wa 2024, vitabu vya wanachama vilizidi daftari kuu kwa hisa 3 kati ya 4,000. Nilifuatilia tofauti hiyo hadi kwenye kikao ilipotokea, ikasahihishwa mbele ya wanachama, na mgao wa shilingi 9,600,000 ukafanyika siku hiyo hiyo. Nilimkabidhi katibu aliyenifuata vitabu vyote kwa maandishi."

Maneno "bila malipo" yanamaliza ubishi wa mahali pa kuiweka, maana umesema kweli na hakuna atakayekushtumu. Habari ya mama mwenye deni usiiandike kwenye barua. Ukiulizwa kuhusu mikopo iliyochelewa, ieleze bila kumtaja jina, na usipeleke daftari la kikundi kwenye usaili, kwani anayeonyesha akiba za wenzake kwa wageni atazionyesha na za wanachama wa SACCOS. Wadhamini wawe mwenyekiti wa kikundi na afisa maendeleo ya jamii wa kata, kama aliwahi kuvikagua vitabu vyenu.

Kijana wa Wasifu

Nimekubali kuhusu cheo, mzee. Ila "bila malipo" mimi ningeiacha, kwa sababu tangazo limetaka uzoefu na halikuuliza mshahara. Huyo anayepanga mafaili akiona maneno hayo, anaweza kuliweka faili la mama kando kabla halijamfikia mtu wa fedha.

Katibu wa Jumamosi

Ninawashukuru wote. Nimemsomea binti yangu aya ya mzee, naye sasa anataka niongeze hata zile shilingi 148,000, lakini nimeona zingoje usaili. "Bila malipo" nimeyabakiza. Afisa maendeleo wa kata alihamishwa, na aliyepo sasa hajawahi kukaa kwenye kikao chetu hata kimoja. Je, mdhamini wa pili anaweza kuwa mmoja wa wale wahesabu fedha wawili, au itaonekana tunasifiana wenyewe kwa wenyewe?

Mkaguzi Mstaafu

Mhesabu anafaa kuliko afisa asiyekujua, kwa kuwa alishika fedha zile zile ulizoziandika. Mwombe ruhusa kwanza, na kwenye barua uandike wazi kwamba alikuwa mhesabu fedha wa kikundi katika miaka hiyo. Yule afisa aliyehamishwa naye mtafute kwa simu. Kuhamishwa hakumzuii kuwa mdhamini.