Alamu ya sola inalia ovyo, na nahofia hitilafu ya kweli inanipita. Nirekebishe vipi?

Mkaa_Juani:
Wakuu, naombeni msaada. Nina paneli 10 za wati 400, safu mbili za paneli tano tano, zote zimeelekea upande mmoja na kila safu ina MPPT yake. Inveta inatuma data kwenye kompyuta yangu kila dakika 5. Nimechukua wastani wa jua wa mwezi kutoka PVGIS, nikapiga hesabu hivi: kilowati 4 × saa 5 za jua kamili × 0.8 = uniti 16 kwa siku. Nikaweka alamu ilie uzalishaji ukishuka chini ya asilimia 80 ya hapo.

Sasa inalia kila siku ya mawingu. Nimeanza kuipuuza, na hilo ndilo linaloniogopesha.

Bi_Mwangaza:
Osha paneli kwanza. Zangu zilipona siku hiyo hiyo baada ya vumbi kuondoka.

Kidevu:
Mimi betri yangu ilikuwa inakata saa nane usiku. Badilisha betri, mkuu.

Mkaa_Juani:
Asante Kidevu, ila usiku sina shida. Shida yangu ni mchana. Paneli nimeziosha juzi, alamu bado inalia.

Fundi_Zamani:
Mkuu, wastani wa mwezi haujui kama leo kuna wingu, kwa hiyo alamu yako inapima hali ya hewa. Halafu fikiria hili: dayodi moja nyuma ya paneli ikifa kwa kushoti, unapoteza theluthi moja ya paneli hiyo. Kwa mfumo wako wote ni kama asilimia 3. Kizingiti cha asilimia 80 hakitaiona hata mwaka mzima.

Wewe una bahati ya kuwa na safu mbili pacha. Wingu likipita linazifunika zote, basi linganisha safu na mwenzake. Ila ruka muda ambao betri imekaribia kujaa, kwa sababu hapo inveta inabana paneli makusudi na namba zinadanganya. Ruka pia asubuhi na jioni, jua likiwa hafifu. Hapa chini soc ni asilimia ya chaji ya betri, pA na pB ni wati za safu A na safu B.

```
if soc < 90 and pA + pB > 1500:
    uwiano.append(pB / pA)
```

Kila siku panga uwiano wote kwa ukubwa, uchukue ule wa katikati. Ukikaa chini ya 0.95 au juu ya 1.05 siku tatu mfululizo, alamu ilie. Tuwekee hapa pia volti na ampea za kila safu mchana.

Mkaa_Juani:
Nimepitisha data ya miezi miwili iliyopita. Uwiano ulikuwa 0.99 hadi 1.00, kisha wiki tatu nyuma ukaanguka siku moja hadi 0.93 na haujapanda tena! Leo mchana safu A ina volti 142 na ampea 10.4, safu B ina volti 132 na ampea 10.4.

Bi_Mwangaza:
Basi safu B ndiyo chafu.

Fundi_Zamani:
Bi Mwangaza, vumbi lililoenea sawasawa hupunguza ampea na kuziacha volti karibu pale pale. Hapa ampea zimelingana, volti 10 ndizo zimepotea. Volti 142 gawa kwa paneli tano ni kama 28, na theluthi yake ni 9 na kitu. Inaangukia pale pale.

Kitu kimoja kinaweza kuigiza hali hii: kivuli kikali, au uchafu mzito uliofunika kipande cha paneli moja. Kivuli huja na kuondoka kwa saa zake. Je, volti 10 zinakosekana mchana kutwa?

Mkaa_Juani:
Ndiyo, kuanzia saa tatu hadi saa tisa. Na hakuna kinyesi cha ndege wala jani.

Fundi_Zamani:
Basi zima swichi ya upande wa paneli kwanza, ndipo uchomoe plagi. Ukichomoa umeme ukiwa bado unapita, cheche yake inaunguza. Kisha pima kila paneli peke yake kwa multimita, jua likiwa kali.

Bi_Mwangaza:
Sawa, kuhusu safu B nimekubali. Lakini safu zote mbili zikichafuka pamoja, huo uwiano utabaki 1.00 na hamtajua chochote.

Fundi_Zamani:
Hapo una haki kabisa. Mimi hutazama saa ya adhuhuri ya siku safi zisizo na wingu, betri ikiwa haijajaa, nikalinganisha na siku safi za wiki za nyuma. Ila jua lenyewe hubadilika kwa msimu, na wingu jembamba halionekani kwenye data. Mwenye njia bora bila kununua kipima jua atufundishe.

Mkaa_Juani:
Nimepima. Paneli nne za safu B zinasoma volti 37, ya nne kutoka kushoto inasoma 24.6. Kisanduku cha nyuma kimezibwa kwa gundi ngumu. Kuna aliyewahi kubadilisha dayodi kwenye kisanduku cha namna hii bila kupasua paneli?