Pweza na ngisi: dakika mbili au saa nzima? Naombeni ushauri

BintiTanga
Habari zenu wapendwa. Jumamosi nina wageni, nimeshaagiza pweza mmoja wa kilo moja na nusu na ngisi kilo moja. Pweza nataka wa nazi, ngisi wa kukaanga. Kinachonitatiza ni muda. Shangazi anasema vitu vya baharini dakika mbili tu vitoke. Jirani yangu anachemsha saa nzima na pweza wake analainika vizuri. Kaka alishika katikati, dakika 20, tukatafuna mpaka mataya yakauma. Nimfuate nani?

Mtoto_wa_Pwani
Papai bichi ndiyo dawa. Lisage, mpake pweza, mwache saa mbili. Ukishafanya hivyo, habari ya muda isahau.

BiMwanaisha
Mwanangu, shangazi yako na jirani yako wote wako sawa, ila kila mmoja anazungumzia kitu chake. Shangazi ana ngisi kichwani, jirani ana pweza.

Nyama ya viumbe hawa ikipata moto hujikaza mara moja na kukamua maji yake. Ukiitoa kabla haijajikaza sana, unakula laini. Ukishapita hapo, subiri mpaka ule utando mgumu ulioshikanisha nyama uyeyuke, na huo hauyeyuki kwa haraka. Dakika 20 za kaka yako ziliangukia pabaya kabisa: nyama imeshakaza, utando bado.

Ngisi ni mwembamba, kwa hiyo njia ya haraka inamfaa. Mtoe wino na ule uti unaong'aa kama plastiki, mkate pete za upana wa kidole, kisha mkaushe kwa kitambaa safi mpaka asibaki na unyevu. Mafuta yawe ya moto kweli. Tia pete chache chache, maana ukijaza karai mafuta yanapoa na ngisi anachemka kwenye maji yake. Zikishageuka nyeupe na kujikunja, toa. Hiyo ni dakika moja, mbili zikizidi. Zikikupita zikakaza, usizitupe. Zitie kwenye rojo la nyanya, funika, moto mdogo, nusu saa au zaidi, zitalainika tena.

Pweza wa kilo na nusu usimpeleke haraka. Mwoshe, mtie sufuriani bila maji au na kikombe kimoja tu, funika, moto mdogo. Atatoa maji mwenyewe, mekundu, mpaka utashangaa. Kuanzia dakika 45 mchome kwa ncha ya kisu pale mnyiri unapoungana na kichwa, ndipo penye unene. Kisu kikikwama, funika tena, umpime kila baada ya dakika 10. Wengine hufika saa na nusu. Kikiingia bila kusukuma, zima moto umwache apoe humohumo majini, ndipo umkate na kumtia kwenye tui. Tui zito liingie mwisho.

Mtoto_wa_Pwani
Bi, na papai je? Kwetu tunatumia miaka yote.

BiMwanaisha
Linasaidia, lakini kazi yake ni juu juu. Pweza mnene ukimwacha nalo muda mrefu, ngozi inakuwa uji na ndani bado anakataa. Saa ya moto huikwepi.

Mvuvi_Pemba
Mnasahau kumpiga. Sisi tukishamchokoa maji yakitoka, anapigwa palepale juu ya jiwe mpaka minyiri ilegee. Asiyepigwa mimi sipiki.

Msafiri_Maskati
Huku nanunua wa friza na sijawahi kumpiga. Akigandishwa siku mbili kisha akayeyushwa taratibu, barafu inakuwa imeshavunjavunja nyama, analainika vilevile.

Mvuvi_Pemba
Analainika, sikatai. Ladha ndiyo si ile.

ChomaChoma
Mimi nauza mishikaki ya pweza jioni. Nyanya na pilipili ya ukwaju usikose, na makaa yawe yamewiva.

BintiTanga
Kaka, mimi nauliza wa nazi. Ila wewe wa mishikaki unamweka mbichi kwenye makaa?

ChomaChoma
Hapana dada, nachemsha kwanza mpaka anaiva kabisa. Makaa ni ya kumpa rangi na harufu tu.

BintiTanga
Shikamoo Bi Mwanaisha, nashukuru sana. Basi pweza nampika Ijumaa usiku, ngisi nakaanga wageni wakishakaa. Chumvi natia saa ngapi?

BiMwanaisha
Marahaba mwanangu. Mwisho, baada ya kuonja. Yale maji yake yana chumvi ya bahari tayari, na yakipungua sufuriani yanazidi kukolea.

Mvuvi_Pemba
Mie natia mwanzo, kidogo, na hulainika. Ila maji yake usimwage, ndiyo supu hiyo.

Msafiri_Maskati
Kuna aliyejaribu pweza kwenye sufuria ya presha? Mke wangu anampa dakika 15 baada ya kuanza kupiga mluzi, analainika, ila ngozi inavuka yote.