Nimeuziwa MoS₂ ya tabaka mbili kwa bei ya tabaka moja, na grafu yao wameikata kwenye 720 nm

Mwalimu_Chumbageni:

Wakuu, nimekaa na hili wiki nzima na leo nimeshindwa kunyamaza.

Nafundisha fizikia hapa Tanga na nasoma shahada ya pili kwa mbali. Ada nalipa mwenyewe. Mwezi wa tatu niliagiza kwa muuzaji wa nje kipande cha silikoni chenye MoS₂, madini ya molibdenamu na salfa, iliyokuzwa kwa mvuke, kimeandikwa kabisa "tabaka moja". Pesa yake ni karibu mshahara wangu wa mwezi. Kimefika na cheti: grafu safi ya mwanga inaoutoa ikipigwa leza, kilele kimoja kikali kwenye 668 nm, na chini yake maneno kwamba kilele hicho ndicho uthibitisho wa tabaka moja.

Nikapanda basi hadi Dar, nikaomba saa mbili kwenye leza ya kijani ya 532 nm. Kilele chao nikakipata palepale 668, yaani 1.86 eV. Nikafurahi. Kisha fundi wa maabara akaniuliza, "Mbona unaishia 720? Sogeza mbele." Nikasogeza mpaka 900. Kwenye 790 nm kuna kinundu kipana kimelala, 1.57 eV. MoS₂ hii imeota kama vipande vidogo vya pembetatu; nikahamia pembetatu ya pili, kipo. Nimepima kumi na moja, tisa zina kinundu.

Kinundu hicho ni mwanga wa pengo lisilo la moja kwa moja, yaani elektroni inashuka kutoka bendi ya juu hadi bendi ya chini huku momentamu ikibidi ibadilike. Tabaka moja halina. Elektroni na shimo lake, yaani nafasi iliyoiacha kwenye bendi ya chini, vyote viko nukta K kwenye ramani ya momentamu, momentamu ni ileile, vinaungana na fotoni inatoka bila kumsubiri mtu. Kwenye tabaka mbili sehemu ya juu kabisa ya bendi ya chini imehamia nukta Gama, momentamu nyingine, na elektroni inabidi iazime mtetemo wa fuwele ndipo ishuke. Ndiyo maana mwanga wake ni hafifu.

Niliwaandikia. Jibu lao: "Kilele cha 668 kipo, kwa hiyo bidhaa iko sawa." Kilele cha 668 kipo hata kwenye tabaka mbili! Kipo hata kwenye tatu! Cheti wamekikata 720, na kinundu kiko 790. Hilo ndilo linaloniuma.

Mzee_wa_Raskazone:

Pole mwalimu. Lakini mbona ni jambo rahisi? Elektroni ikibanwa kwenye nafasi nyembamba nishati yake hupanda. Pande kubwa la MoS₂ lina pengo la 1.3 eV hivi, tabaka moja 1.9. Ukipunguza unene pengo linapanuka. Kwa hiyo kama ingekuwa tabaka mbili, kilele chao kingeshuka sana kutoka 668. Hakijashuka. Huenda wako sawa.

Fundi_Baga:

Hiyo MoS₂ si ndiyo ile grisi nyeusi ya ekseli za mbele? Mimi hapa Bagamoyo naitumia kila siku, kopo si ghali hivyo. Umepigwa dada.

Mwalimu_Chumbageni:

Fundi, madini ni hayohayo. Grisi yako inateleza kwa sababu tabaka zimeshikana kilegevu, moja inakimbia juu ya nyingine. Ila kwenye kopo kila chembe ina matabaka maelfu. Mimi nililipia moja.

Pangani_Optiki:

Mzee wa Raskazone, shikamoo. Kubanwa kupo, lakini hakuzigusi elektroni zote sawasawa, na hapo ndipo muuzaji anapojificha.

Tabaka moja ni mkate wa molibdenamu katikati, salfa juu na salfa chini, na kutoka tabaka hadi tabaka ni kama 0.65 nm. Elektroni za nukta K zinakaa kwenye molibdenamu, ndani ya mkate, zimetanda ubavuni. Jirani wa juu hazimjui. Mwondoe, mrudishe, nishati yake karibu haitikisiki. Kwa hiyo 668 inabaki 668 au inasogea nanomita chache. Elektroni za Gama ni hadithi nyingine: sehemu yake imo kwenye salfa, kwenye obiti inayochomoza wima kama mkono uliotolewa dirishani. Salfa ya tabaka la pili nayo imetoa mkono. Mikono ikigusana, ngazi moja inagawanyika kuwa mbili, na ile ya juu inapanda mpaka inaipita K. Kule kwenye bendi ya juu, bonde lililo katikati ya Gama na K nalo lina salfa ndani yake, linashuka. Pengo linapungua kutoka pande zote mbili.

Kwa hiyo ukipunguza tabaka, K haipandi. Gama ndiyo inayorudi chini. Pande kubwa kinundu kiko 1.3 eV, tabaka mbili kinapanda karibu 1.6, tabaka moja kinaipita K na kutoweka. Kama ni kubanwa tu, kilele cha 668 nacho kingetembea hivyohivyo. Hakitembei. Vipimo vya 2010, vya kundi la Heinz na vya Splendiani na wenzake, vilionyesha mwanga ukiwaka ghafla unapofika tabaka la mwisho.

Mwalimu, una kitu cha kulinganishia? Na Raman, kipimo cha mitetemo ya fuwele kwa leza, ulipima?

Mwalimu_Chumbageni:

Ninacho. Nilibandua mwenyewe kwa selotepu, nikakesha kwenye hadubini usiku tatu mpaka nikapata kipande kama mikroni nane. Siku ileile, leza ileile, nguvu ileile: kilele 665 nm, mwanga zaidi ya mara kumi ya ule wao, na 790 ni tambarare kabisa. Raman umbali kati ya mistari miwili ni 19 cm⁻¹ kwangu, 22 kwao.

Mzee_wa_Raskazone:

Marahaba. Hapo kwenye kilele kutotembea nimekuelewa. Ila bado nasema ni kubanwa, tumebadilisha jina tu.

Pangani_Optiki:

Mzee, siwezi kukubishia sana. Kukosa jirani na kubanwa ni kitu kimoja ukikitazama pande mbili. Ninachokataa ni kusema kunawapata wote.

Mwalimu, 19 ni tabaka moja na 22 ni tabaka mbili, zimemaliza maneno. Jambo moja tu: iliyokuzwa kwa mvuke, tabaka la juu linaweza kukaa limezungushwa. Likikaa kwa pembe ya 0 au 60, salfa zinaingia kwenye mabonde ya mwenzake, tabaka zinakaribiana. Pembe za katikati salfa zinagongana vichwa, umbali unaongezeka, mikono inalegea, kinundu kinasogea kuelekea bluu. Pembetatu zako tisa, kinundu kiko palepale 790 zote?

Mwalimu_Chumbageni:

Saba ziko kati ya 787 na 794. Mbili ziko 752 na 748, na hizo mbili kwa macho pembetatu ndogo ya juu imekaa upande. Kilele cha kwanza hakijasogea kwenye hata moja. Nilidhani ni kosa la kipimo!

Mama_Usagara:

Mimi niliagiza lenzi nikachajiwa ushuru mara mbili. Wewe ushuru ulilipa bandarini au posta?

Mwalimu_Chumbageni:

Posta, mara moja. Nimewatumia muuzaji grafu zote tisa mpaka 900 nm, na nimeomba watume ya kwao bila kukata. Wamejibu jana usiku kwamba kifaa chao kinaishia 720.