Apu ya kwanza: frilansa wa milioni 2.5 au wa milioni 8?

gesi_ntinda: Wadau habari, nauza gesi hapa Ntinda, nataka apu ya Android mteja aagize mtungi alipe kwa MoMo, boda aone oda na mimi nione mauzo. Frilansa mmoja anataka milioni 2.5 kwa wiki tatu, mwingine milioni 8 kwa wiki kumi. Mbona wanapishana hivi?

mama_jinja: Mimi shule yangu nilitengenezewa kwa laki nane tu, huyo wa milioni 8 anakuibia.

kodi_kampala: Mama hiyo ni tovuti ama apu?

mama_jinja: Tovuti, ina picha na namba za simu.

kodi_kampala: Basi ni kazi nyingine kabisa. Ndugu wa gesi, hapo umeomba vitu vitatu kwa pamoja. Mimi ningepiga hivi: upande wa mteja masaa 110, wa boda 60, wa kwako 70, malipo 50, kujaribu na kurekebisha 60, jumla 350. Kwa shilingi 20,000 kwa saa ni milioni 7, kwa hiyo bei ya wa pili inaeleweka. Ila frilansa ana wateja wengine, akikupa masaa 25 kwa wiki ni wiki 14, hizo kumi muulize atazipataje. Wa kwanza anajilipa kama 7,000 kwa saa, huyo ama hajahesabu ama ataiacha katikati akipata kazi nono.

dev_mbale: Na wiki tatu haziwezekani, akaunti mpya ya Google Play inataka watu 20 waijaribu wiki mbili kwanza.

kodi_kampala: Walikuwa 20, tangu Desemba 2024 ni 12, lakini siku 14 mfululizo ziko palepale, na hiyo ni kwa akaunti ya mtu binafsi. Ya kampuni haina sharti hilo ila inadai namba ya D-U-N-S, ile ya kutambulisha kampuni. Akaunti ni dola 25 mara moja, fungua kwa jina lako wewe, siyo la frilansa. Na malipo ya MoMo kwenye majaribio yanapita vizuri tu, kuhamia pesa halisi ndiko kunataka makaratasi ya biashara, na hapo unasubiri wengine.

gesi_ntinda: Sina milioni 8 kwa sasa ssebo.

kodi_kampala: Toa upande wa boda, oda mtumie kwa WhatsApp, na mteja alipe akipokea mtungi. Yanabaki masaa 240, milioni 4.8, kama wiki kumi.

dev_mbale: Bila malipo ndani watu wataagiza kwa mzaha, boda afike hakuna mtu. Mimi ningeacha MoMo ibaki.

kodi_kampala: Kwa wateja anaowajua sioni shida, wageni ndio sijui. Ila lipa kwa vipande, kila kipande baada ya kukishika kwenye simu yako.

gesi_ntinda: Wageni kwangu ni karibu nusu... wacha nimuulize wa pili MoMo pekee anaidai ngapi.