Pakiti imefungwa, tarehe imepita, mgeni ameugua: alipe nani?

Muulizaji: Nilinunua nyama ya pakiti, ile iliyokwisha kupikwa na kukatwa vipande. Usiku tulikaa mezani watatu. Mimi na mgeni wangu tuliila, na baada ya saa tatu hivi tukatapika hadi tukaishiwa nguvu. Wa tatu hakuigusa nyama, na hana neno. Kesho yake ndipo nikaona tarehe kwenye pakiti imepita siku nne. Duka linaniambia niende kiwandani, kiwanda kinaniambia nirudi dukani. Alipe nani?

Tarehe Haidanganyi: Hapa hata mjadala haupo. Muda umepita na muuzaji ameuza, basi mzigo wote ni wake. Kiwanda kilitoa ahadi hadi siku ile iliyoandikwa. Baada ya hapo kimenawa mikono. Wewe onyesha pakiti tu, kesi imekwisha.

Mwenye Duka: Kirahisi hivyo? Kuangalia tarehe ni kazi yangu, hilo silikatai, na anayeuza kitu kilichoisha muda asitafute huruma. Lakini pakiti inakuja imefungwa. Sina ruhusa ya kuifungua ninuse, na hata ningenusa nisingejua kilichomo. Kama nyama ilichafuka kiwandani, ingemwumiza mtu hata siku kumi kabla ya tarehe. Mwaka jana mteja alinirudishia pakiti iliyofura. Nikampa hela yake, nikaenda kwa msambazaji. Akaniomba risiti yenye namba ya bachi, yaani ya kundi la pakiti zilizotengenezwa pamoja. Mimi nilikuwa na kikaratasi cha kuandikwa kwa mkono, hata mwezi haukusomeka. Hasara nikaila mwenyewe, na kosa halikuwa langu.

Mkaguzi Mstaafu: Muulizaji, poleni sana. Kabla hamjagombana juu ya tarehe, tazameni saa. Watu wawili wametapika kwa pamoja, saa tatu baada ya kula, na asiyegusa nyama ni mzima. Hiyo inanifanya nifikirie sumu iliyokuwa tayari imo ndani ya nyama, si vijidudu vilivyohitaji muda wa kuzaliana tumboni. Salmonela kwa kawaida huchukua kati ya saa sita na siku tatu kabla ya kumwangusha mtu. Listeria inaweza kungoja wiki kadhaa. Ndiyo maana watu wengi humlaumu aliyewauzia chakula cha mwisho, na mara nyingi humwonea. Katika kesi yako, chakula cha mwisho ni mshukiwa wa kweli.

Mimi namtilia shaka stafilokoka. Huyu bakteria anaishi puani na kwenye ngozi ya watu wazima kabisa, wasiojua kama wanaye. Nyama ikipikwa kiwandani anakufa. Anarudi pale mtu anapoikata vipande na kuifungasha bila kujali usafi. Lakini kurudi peke yake hakutoshi. Akiwa mchache na nyama ikakaa kwenye baridi, hana la kufanya. Chini ya nyuzi 10 hivi za Selsiasi kwa kawaida hatengenezi sumu. Kwa hiyo natafuta makosa mawili, si moja: mkono ulioichafua nyama, na baridi iliyokatika. Mkono, kwa kuwa pakiti ilikuwa imefungwa, kuna uwezekano mkubwa ni wa kiwanda. Baridi inaweza kuwa ilikatika kwenye lori, kwenye stoo, kwenye friji ya duka au kwako nyumbani.

Sasa ndugu yangu wa tarehe, tazama inavyokuwa. Pakiti iliyopitisha siku nne kwenye baridi nzuri huenda isingemtapisha mtu kwa sumu hii. Pakiti yenye tarehe salama, lakini ikashinda kwenye joto mchana kutwa, ingemtapisha. Kuuza kilichoisha muda ni kosa, ndiyo, ila si lazima kosa hilo ndilo lililowapeleka chooni.

Tarehe Haidanganyi: Kwa hiyo tarehe haina maana?

Mkaguzi Mstaafu: Ina maana kubwa. Inaonyesha duka halikuwa likikagua rafu zake, na duka lisilokagua tarehe huenda halikagui hata kipimajoto cha friji. Hiyo ni dalili ya uzembe. Uthibitisho wa kilichowaumiza ni kitu kingine. Kiwanda nacho hakinawi mikono kwa sababu tarehe imepita, kama uchafu uliingia kabla pakiti haijafungwa.

Mama Watatu: Mimi naona mnazunguka mbuyu. Mtu anauza sumu, apelekwe jela, duka lifungwe. Mwanangu juzi aliharisha baada ya kula biskuti zilizoisha muda, na bado duka liko wazi! Nani anawafunga hawa?

Mkaguzi Mstaafu: Mama, mtoto anaendeleaje? Biskuti ni kavu, na vijidudu havizaliani bila maji. Zikipitisha tarehe hulegea, mafuta yake huchacha, ladha hupotea, lakini kuharisha ningeanza kukutafutia kwingine. Alikula na kunywa nini siku mbili kabla ya hapo? Maji je?

Mama Watatu: Anaendelea vizuri sasa. Alikuwa kwa shangazi yake wikiendi nzima, sijui alikula nini huko. Lakini tarehe ilikuwa imepita, hilo nililiona kwa macho yangu.

Wakili wa Jioni: Mama, kufunga duka na kumtoza mtu faini ni kazi ya serikali, na faini huingia hazina. Haimlipii mtu dawa wala siku alizokosa kazini. Muulizaji anauliza habari ya fidia, na hiyo ni njia nyingine kabisa. Waweza kuzifuata zote mbili, ila usingoje ya kwanza ikuletee ya pili.

Mkaguzi ametupa nusu ya jambo. Nusu nyingine ni kwamba duka na kiwanda havidaiwi kwa msingi mmoja. Dhidi ya duka, Muulizaji una mkataba: ulitoa hela, ukapewa nyama isiyofaa kuliwa. Katika nchi nyingi zilizorithi sheria ya Kiingereza, hulazimiki kuonyesha kwamba muuzaji alizembea. Hata kama hakuwa na namna ya kujua, anawajibika kwa alichokiuza.

Lakini mkataba huo ni wako. Mgeni wako hakununua kitu, na hapo ndipo anapokuja yule konokono tunayefundishwa wote. Mwaka 1928, mjini Paisley, Uskoti, May Donoghue alinunuliwa na rafiki yake soda ya tangawizi kwenye chupa ya kioo cheusi kisichopitisha macho. Akanywa kidogo. Rafiki alipomimina iliyobaki, kwa maelezo ya Donoghue, kikatoka kiwiliwili cha konokono aliyeoza. Hakuwa amelipia soda ile, hivyo hakuwa na mkataba na mtu yeyote. Akamdai mtengenezaji, Stevenson. Mwaka 1932 Baraza la Mabwana, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati ule, majaji watatu dhidi ya wawili, wakaamua kwamba mtengenezaji anayefunga bidhaa kwa namna ambayo hakuna wa katikati anayeweza kuikagua ana wajibu wa uangalifu kwa mlaji wa mwisho.

Watu husimulia kana kwamba konokono alithibitishwa. Hakuthibitishwa kamwe. Majaji walijibu swali moja tu: ikiwa anayosema ni kweli, je, sheria inamruhusu kudai? Stevenson alifariki kabla ushahidi haujasikilizwa, na madai yakamalizwa kwa makubaliano ya pauni 200.

Basi mgeni wako anaweza kukidai kiwanda kwa uzembe, au hata duka kwa uzembe wake lenyewe. Hapo ndipo tarehe iliyopita inapomsaidia kuliko inavyokusaidia wewe, maana yeye ndiye anayelazimika kuonyesha kwamba mtu hakuwa mwangalifu.

Mwenye Duka: Wakili, umenivunja moyo. Nisiyejua nalipa, aliyechafua anangoja hadi athibitishiwe. Haki iko wapi hapo?

Wakili wa Jioni: Hoja ni kwamba mteja anakujua wewe, hamjui mwenye kiwanda. Ukimlipa, wewe nawe una mkataba na aliyekuuzia, unamgeukia. Ndiyo maana kile kikaratasi chako cha kuandikwa kwa mkono kilikugharimu. Lakini kwa tarehe iliyopita, msambazaji atakuuliza kwa nini hukuitoa rafuni, na sidhani utakuwa na jibu.

Mwenye Duka: Kwenye makaratasi ni sawa. Msambazaji mkubwa akinikasirikia, kesho haniletei mzigo. Nimdai nani hapo?

Wakili wa Jioni: Hapo sina jibu zuri, na sitajifanya ninalo. Ulaya walijaribu kuuhamisha uzito huu. Mwongozo wao wa mwaka 1985 ulimfanya mtengenezaji awajibike bila mlaji kuthibitisha uzembe. Muuzaji aliingizwa kama mtengenezaji hajulikani, naye akashindwa kumtaja katika muda unaofaa au kumtaja aliyemletea bidhaa. Hata hivyo mlaji alibaki na kazi ya kuonyesha kasoro, madhara na kwamba kimoja kimeleta kingine. Na mtengenezaji alijinasua akionyesha kwamba yaelekea kasoro haikuwepo bidhaa ilipotoka kwake. Mnajua angesema nini: friji ya duka.

Tarehe Haidanganyi: Sasa vyote viko kwenye hiyo sumu. Si wapime nyama iliyobaki?

Mkaguzi Mstaafu: Wapime, lakini waombwe kipimo sahihi. Ukiipasha nyama moto, bakteria wanaweza kufa wote na sumu ikabaki, kwa sababu sumu ya stafilokoka inavumilia moto wa jikoni. Nimewahi kuona majibu ya maabara yakisema hakuna bakteria hai, kiwanda kikashangilia. Hakuna aliyekuwa ameomba sumu yenyewe ipimwe. Muulizaji, mabaki yakiwapo yatie kwenye mfuko uliofungwa, weka kwenye friji pamoja na pakiti, usiifute namba ya bachi. Mamlaka ya chakula ikitafuta pakiti nyingine za bachi hiyo kwenye maduka mengine, tutajua mengi. Zikiwa na sumu kila mahali, tazameni kiwanda au lori. Ikiwa ni za duka hilo tu, tazameni friji yake.

Halafu nijibu bila kuona haya: kutoka dukani hadi mezani, nyama ilikaa wapi?

Muulizaji: Nyama imebaki kidogo, na pakiti ninayo. Risiti sina, ila ujumbe wa malipo uko kwenye simu. Kuhusu ulichouliza... niliinunua saa sita mchana, nikarudi kazini. Ilikaa kwenye begi chini ya meza hadi saa kumi na moja na nusu. Tuliipasha moto kabla ya kula.

Mwenye Duka: Sikusema?

Wakili wa Jioni: Taratibu, Mwenye Duka. Begi halikuingiza mkono mchafu ndani ya pakiti iliyofungwa, wala halikusogeza tarehe. Litapunguza fidia yake Muulizaji, labda sana. Mgeni hakubeba begi hilo.

Mkaguzi Mstaafu: Saa tano na nusu kwenye joto zinatosha kuharibu, kama bakteria walikuwa wengi tangu mwanzo. Kama walikuwa wachache, nina mashaka. Bila pakiti nyingine za bachi hiyo siwezi kukuambia ipi. Kesho peleka mabaki asubuhi, usingoje Jumatatu.